Kumpima Fundi Aliyekupima

Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, limenyooshwa kwa pasi, na kwa macho tu halikuwa na kasoro. Kitenge cha buluu chenye maua makubwa ya manjano, mikono mifupi, zipu mgongoni, bitana ndani. Nililivaa nyuma ya pazia la fundi, nikatoka kujitazama kwenye kioo, nikaona mikunjo mitatu imelala kifuani kutoka kwapa hadi kwapa, kama nguo inayovutwa na watu wawili. Nilipoinua mikono kujifunga kilemba, gauni zima lilipanda na magoti yakabaki nje.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Sendofu ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo.

Gauni lilirekebishwa, nikalivaa, na sherehe ikapita salama. Mwezi mmoja baadaye wifi yangu akaniuliza, "Wifi, yule fundi wako anashona vizuri?" Nilitaka kusema ndiyo, nikasita. Nilitaka kusema hapana, nikaona nitamwonea. Swali lake lilikuwa limebeba maswali manne: Je, nguo inamkaa mtu? Je, ndani imemaliziwa ipasavyo? Je, anatimiza siku aliyoahidi? Na akikosea, anarekebishaje? Fundi mmoja anaweza kupata alama nzuri kwenye swali moja na kuanguka kwenye jingine, kwa sababu kila moja lina chanzo chake. Mkao huamuliwa na tepu na mkasi. Umaliziaji huamuliwa na subira. Siku huamuliwa na idadi ya kazi alizopokea. Marekebisho huamuliwa na kitambaa alichoacha ndani ya mshono, pamoja na moyo wake.

Nitayapitia yote manne kwa kulitumia gauni lile, kwa sababu lilinifundisha kwamba sifa za fundi, nzuri na mbaya, zinasomeka kwenye nguo yenyewe kwa mtu anayejua pa kutazama.

Mikunjo inasema

Watu wengi wakijaribu nguo husimama wima mbele ya kioo, wakaridhika. Kusimama wima ndiko mwili unakodai nafasi ndogo kuliko wakati wowote mwingine. Nguo ijaribiwe kwa kukaa kwenye kiti, kwa kuinua mikono juu, kwa kuikunja mbele kana kwamba unamkumbatia mtu, na kwa kupiga hatua ndefu. Kisha simama upya, utulie, utazame mikunjo iliyobaki. Mkunjo unaolala kukatiza mwili maana yake pale nguo imebana. Kitambaa kinachoning'inia kwa mikunjo ya kusimama, kutoka juu kwenda chini, maana yake pale imezidi upana. Mkunjo wa mshazari huelekeza kidole mahali penye tatizo: ufuate hadi unapoanzia, mara nyingi utafika begani, kwenye ncha ya kifua au kwenye nyonga.

Kuna alama nyingine mbili ambazo hazihitaji utaalamu. Mshono wa begani uishie juu ya mfupa wa bega, usiteremke mkononi wala usipande kuelekea shingoni. Na ukitazamwa kwa ubavu, mshono wa ubavuni ushuke moja kwa moja hadi chini. Ukipinda kuelekea mbele, mbele hapatoshi; ukipinda kuelekea nyuma, nyuma ndiko kunakovuta.

Mikunjo yangu mitatu ililala kukatiza kifua, kwa hiyo jibu lilikuwa wazi: gauni lilibana. Swali lililobaki ni kwa nini, na hilo tulilijua kwa tepu. Fundi alilivua gauni kwenye henga, akalilaza mezani, akafunga zipu na kupima kutoka kwapa hadi kwapa. Tepu ikasoma inchi 19. Mbele na nyuma, hizo ni inchi 38. Akafungua daftari lake: kifua changu, 38.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kitenge ni pamba iliyofumwa, hakivutiki kama fulana. Mwenye kifua cha inchi 38 akishonewa gauni la inchi 38 kamili, hana nafasi ya kuvuta pumzi wala ya kusogeza mabega. Kifuani huongezwa inchi 2 hivi juu ya kipimo cha mwili, na mahali pengine huongezwa kadiri ya mtindo. Gauni langu lilipaswa kuwa na inchi 40. Fundi alitazama daftari, akatazama gauni, akasema, "Dada, niliandika mwili, nikakata mwili."

Nimelikumbuka jibu hilo kwa sababu lilimtenga na mafundi wengi niliowahi kupita kwao, wale ambao nguo ikibana husema mteja amenenepa. Unaweza kuujua ukweli papo hapo. Jipime mwenyewe, kisha pima nguo ikiwa imelazwa, halafu ulinganishe na daftari. Mwili ukitofautiana na daftari, ama ulipimwa vibaya ama umebadilika. Mwili ukilingana na daftari na nguo ikabana, kosa limetokea mezani wakati wa kukata au kwenye cherehani.

Lakini haki ni ya pande mbili. Kipimo kilichochukuliwa juu ya sweta kitatoa nguo pana, na kifua kilichopimwa bila sidiria utakayoivaa kitatoa nguo ambayo ncha zake za kifua zimekaa mahali pasipo pake. Ukitaka kusema neno juu ya mkao wa fundi, jiulize kwanza ulisimama mbele yake ukiwa umevaa nini.

Geuza nguo nje ndani

Umaliziaji haupimwi nguo ikiwa mwilini. Igeuze. Kitu cha kwanza cha kutazama ni uzi. Mshono ulionyooka una hatua zinazolingana, kama 10 hadi 12 kwa inchi katika kitambaa cha kitenge, na upande wa chini unafanana na wa juu. Ukiona uzi wa chini umejikunja vijitanzi, cherehani haikurekebishwa mkazo, na mshono huo utafumuka siku utakapokaa ghafla. Tazama pia mianzo na miisho ya mishono: fundi makini hurudisha cherehani nyuma hatua chache ili uzi ujifunge. Mwisho usiofungwa huachia taratibu, hasa kwenye mpasuo wa nyuma ambako kila hatua unayopiga inauvuta.

Kitu cha pili ni zipu. Ilaze mezani. Zipu iliyoshonwa huku kitambaa kikivutwa itajikunja kama wimbi na itatuna mgongoni. Kwenye kitenge tazama vilevile kama maua yanakutana pande zote mbili za zipu, na kama yote yamesimama kuelekea upande mmoja. Kukutanisha maua hula kitambaa na muda, ndiyo maana fundi mwenye haraka hukwepa.

Kitu cha tatu ndicho chenye uzito kuliko vyote, nacho ni kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Mashine ya ovaloki hufunga kingo za kitambaa zisichambuke, lakini ina kisu pembeni mwa sindano kinachokata kila kinachozidi. Fundi anayekunja pande mbili za mshono pamoja na kuzipitisha kwenye ovaloki kwa mara moja humaliza haraka, na ndani panapendeza, ila kisu kimekwisha kula akiba yote. Panabaki robo ya inchi. Nguo hiyo ikibana leo, au ukinenepa mwaka ujao, hakuna wa kukusaidia. Fundi mwingine hupitisha ovaloki kila upande peke yake, kisha huushona mshono na kuufungua kwa pasi kama kitabu, huku kila upande umebaki na inchi nzima. Kazi ni mara mbili, lakini nguo ina maisha marefu.

Nilipoligeuza gauni langu nilikuta mishono ya ubavuni imefunguliwa kwa pasi, na kila upande una inchi moja ya akiba. Zipu ilikuwa imelala sawa. Maua hayakukutana mgongoni. Lile la kushoto lilikuwa juu ya la kulia kwa karibu vidole viwili. Kwa hiyo kwenye umaliziaji nilikuwa na sifa moja kubwa ya kumpa na dosari moja ya kumweleza.

Ahadi na umeme

Kitambaa nilikipeleka Jumatatu, siku 19 kabla ya sendofu. Tulikubaliana nijaribu gauni Jumamosi ya wiki ya pili, nichukue Alhamisi itakayofuata. Ada ya ushonaji ilikuwa shilingi 45,000, nikatanguliza 25,000.

Jumamosi ilipofika nikakuta kitambaa kiko ndani ya mfuko wake, hakijaguswa. Fundi akasema umeme ulikuwa unakatika. Ni sababu ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaielewa, na ina ukweli ndani yake: ovaloki yake na pasi yake vinatumia umeme. Lakini cherehani yake ya kushonea ni ya kukanyaga kwa miguu, na mkasi na chaki havihitaji umeme. Kitambaa ambacho hakijakatwa hakikuzuiwa na umeme. Kilizuiwa na vitambaa vingine vilivyokuwa mbele yake kwenye foleni, na ndivyo ilivyokuwa: ukutani nilihesabu magauni manane ya sare ya harusi nyingine.

Ninaeleza haya kwa sababu kuchelewa kunahitaji kusomwa kama mikunjo inavyosomwa. Kukatika kwa umeme au kuugua kwa mtu ni mambo yanayomkuta fundi. Kupokea kazi kuliko mikono iliyopo ni uamuzi wake, na ataurudia msimu wa harusi na sikukuu utakaporudi. Usiandike tu kwamba alichelewa. Andika alichelewa siku ngapi, katika hatua gani, na kama alikupigia simu kabla hujafunga safari. Huyu hakunipigia. Nilifika kwake bure. Ahadi ni deni, na anayeona hawezi kulilipa siku yake huwahi kumwambia anayemdai.

Upande wangu pia nilikuwa na la kujibu. Siku nne baada ya kuacha kitambaa nilimwambia aongeze bitana, jambo ambalo hatukulizungumza mwanzoni. Bitana ni gauni la pili ndani ya gauni: hukatwa na kushonwa lenyewe, kisha huunganishwa shingoni na kwenye zipu. Mteja anayebadilisha kazi katikati akanyamaza kimya kuhusu hilo anapomtathmini fundi, anamdhulumu.

Mwishowe gauni lilikuwa tayari kujaribiwa Jumatatu, siku mbili baada ya siku tuliyokubaliana. Alhamisi nililichukua likiwa limekamilika. Siku ya kujaribu ilivunjwa. Siku ya kuchukua ilitimizwa. Na hapa pana funzo ambalo sasa nalifuata kila mara: siku yenye thamani kubwa ni ile ya kujaribu. Gauni lililochelewa kuchukuliwa ni usumbufu, lakini gauni lililojaribiwa kwa kuchelewa halina muda wa kurekebishwa. Ningekuwa nimekubali nguo ije kwa mara ya kwanza Alhamisi, mikunjo ile mitatu ningekwenda nayo ukumbini.

Kinachorudi na kisichorudi

Sasa turudi Jumatatu ile, gauni likiwa mezani. Lilipungukiwa inchi 2 kifuani. Kila mshono wa ubavuni una pande mbili za kitambaa, mbele na nyuma, na mishono ni miwili, kwa hiyo pande ni nne. Ukiachia nusu inchi kwenye kila upande, unapata inchi 2. Akiba ilikuwa inchi moja, ikabaki nusu. Hesabu nzima ya wokovu wa gauni lile ilikuwa imelala kwenye akiba aliyoiacha alipokuwa anakata, kabla hajajua kwamba amekosea.

Kuachia ubavu hakuishii ubavuni. Mwili wa gauni ukipanuka, tundu la mkono nalo hupanuka kwa inchi moja, na mkono wa gauni usipopanuliwa kiasi hichohicho hautaingia bila kuvuta. Fundi aliung'oa mkono kwa chini, akaachia mshono wake wa ndani nusu inchi kila upande, akaurudisha. Ukitaka kujua kama marekebisho yamefanywa kwa uaminifu, tazama pale mishono minne inapokutana chini ya kwapa. Ikikutana kama msalaba, kazi imefanywa. Ukikuta kitambaa kimekunjwa kwa nguvu na kushonwa juu yake, hatua moja imerukwa.

Alama za mshono wa zamani zilionekana kama mstari mwembamba wenye vitobo. Kwenye pamba hilo si tatizo kubwa. Aliinyunyizia maji, akapiga pasi, nyuzi zikasogea na vitobo vikafunga. Kwenye satini vitobo hubaki, ndiyo maana nguo ya satini hujaribiwa ikiwa imeshikizwa kwa mkono kabla cherehani haijaigusa.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Gauni kupanda nikiinua mikono hakukutokana na kubana peke yake. Kwapa lilikuwa limechimbwa chini mno. Wengi huamini kwamba kwapa lililoshuka humpa mvaaji uhuru. Kwa gauni lenye mikono ni kinyume chake. Mshono wa kwapa ukishuka mbali na kwapa la mwili, mkono wa gauni na ubavu wa gauni huwa kitu kimoja, na ukiinua mkono unainua ubavu mzima. Kwapa la juu linaweza kushushwa kwa mkasi. La chini haliwezi kupandishwa, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Fundi hakunidanganya. Alisema, "Hapa siwezi kulipandisha, Dada, ila naweza kulisaidia." Akachukua mabaki ya kitenge changu, akakata kipande cha pembe nne cha kama inchi 3 kila upande, akakipachika pale chini ya kwapa kimekaa kama kishada. Washonaji wa kanzu wanakijua kipande hicho kwa jina la kikwapa, na kazi yake ni ileile: kumpa mkono nafasi ya kunyanyuka bila kuvuta mwili. Kabla ya hapo gauni lilipanda inchi 3 nilipoinua mikono. Baada ya hapo lilipanda inchi moja. Halikupona kabisa, lakini lilivalika.

Angalia kilichowezesha dawa ile: mabaki. Fundi alikuwa ameyahifadhi kwenye mfuko wenye jina langu. Mabaki ya kitambaa chako ni mali yako, na fundi anayekurudishia bila kuombwa anastahili kutajwa kwa wema.

Kuhusu malipo, kipimo changu ni hiki. Kosa la fundi hurekebishwa bure. Mwili ukibadilika, au mteja akibadilisha mawazo, mteja hulipa. Ubavu na kwapa hakunidai hata shilingi. Nilitaka pia shingo iteremshwe kidogo, kwa sababu tu niliiona iko juu kuliko nilivyopenda. Hilo nililipia 5,000, na lilikuwa haki yake.

Tathmini ya pili, baada ya kufua

Wifi yangu aliponiuliza nilikuwa nimekwisha kulifua gauni mara mbili, na nashukuru hakuniuliza mapema. Nguo hujieleza yote baada ya maji. Dawa ya kiwandani inayokifanya kitenge kisimame dukani huondoka, na pamba hujivuta. Gauni langu lilikuwa na urefu wa inchi 42 kutoka begani. Baada ya kufuliwa likawa na 41. Bitana, ambayo si pamba, haikurudi hata kidogo. Hapo awali ilikuwa fupi kuliko gauni kwa inchi moja, kama inavyotakiwa. Sasa pindo na bitana vikawa sawasawa, na nikitembea bitana inachungulia.

Nilirudi kwa fundi. Pindo lilikuwa na mkunjo wa inchi moja na nusu ndani, akaushusha kwa inchi moja, kazi ya nusu saa. Akiba tena. Lakini tulikubaliana kwamba kosa lilikuwa la wote wawili: mimi sikukiloweka kitambaa na kukianika kabla ya kukipeleka, naye hakuniuliza.

Basi jibu nililompa wifi yangu lilikuwa refu kuliko alivyotarajia, naye alikaa akalisikiliza. Nilimwambia: mkao wa kwanza haukuwa sawa, kifua kilikosa inchi 2 na kwapa lilichimbwa chini; mkao wa mwisho ni mzuri, isipokuwa ukiinua mikono. Ndani ameshona kwa heshima, ameacha inchi moja kila mshono, ila maua hayakutani mgongoni. Siku ya kujaribu aliivunja kwa siku mbili bila simu, ya kuchukua akaitimiza. Makosa aliyakubali kwa tepu, akayarekebisha bure, na pale asipoweza alisema hawezi.

"Kwa hiyo nimpelekee?" akauliza.

"Mpelekee," nikamwambia, "lakini loweka kitambaa kwanza. Mwambie akuoneshe kwenye daftari namba ya mwili na namba ya kukatia, ziwe mbili tofauti. Siku ya kujaribu iwe wiki moja kabla ya shughuli yako, na siku mbili kabla ya hapo mpigie wewe. Na hesabu nguo zilizoko ukutani kabla hujamwachia pesa."

Wiki iliyofuata alikwenda. Alinipigia simu akiwa bado dukani, akanieleza kwamba fundi amemwandikia kifua mara mbili: 36, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, 38.